Glasi ya Bia kwenye Kichupo cha Shangazi

Shangazi yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa bado nahangaika na kufuli la ofisi, akaniambia neno ambalo hadi leo nikilikumbuka damu inachemka.

"Mwanangu, mmenifungulia baa."

Nilimwambia sielewi. Akasema nami sitaki kuelewa, akakata. Shangazi si mtu wa kukata simu. Huyu ni mama ambaye akipigiwa na matapeli wa mtandaoni huwauliza kwanza hali za nyumbani.

Niseme ni nani, ili ubaya wa jambo hili ujulikane. Ni dada wa marehemu baba yangu, mjane, anakaa Butiama na ana nyumba ya wageni. Usiseme gesti mbele yake, utajuta. Gesti kwake ni mahali ambapo mtu anaingia mchana na mtu ambaye si wake, na yeye ameamka kila siku kwa miaka mingi akipiga deki ili asiitwe hivyo. Mumewe alikunywa mpaka ini likamshinda, na tangu azikwe hakuna chupa iliyovuka lile geti. Mgeni akionekana na bia kwenye mfuko, anarudishiwa alicholipa na anaonyeshwa barabara. Pamoja na hayo yote, watu wanasema. Mwanamke peke yake, vyumba sita, magari yanaegeshwa usiku yanaondoka alfajiri. Wanasema kanisani, wanasema gulioni, na yeye anajua kwamba wanasema.

Ndiyo maana aliitaka ile semina. Kila mwaka akina mama wa kanisa lao hukusanyika kutoka mkoa mzima, na mwaka huo ilipangwa wawe Butiama. Kamati inayokaa Bunda ilikuwa inatafuta nyumba ya kuwalaza. Shangazi aliniambia wazi, tukiwa tumekaa kwenye baraza lake tunachambua maharage, kwamba anachotaka ni wale mama walale kwenye mashuka yake, waoge kwenye mabafu yake, warudi makwao. "Wakishalala kwangu wao wenyewe," alisema, "nani atanisemaga tena?" Kamati ilitaka kila nyumba itume anwani ya tovuti yake. Shangazi hakuwa na tovuti. Alikuwa na mimi.

Mimi natengeneza tovuti ndogo ndogo. Tuna ofisi ya chumba kimoja Musoma mjini, mimi na mwenzangu, mwanaume niliyesoma naye chuo. Tunatengenezea maduka, shule, wauza samaki, yeyote anayetaka kuonekana. Ya shangazi niliianza mwenyewe: picha nilipiga mimi, maneno niliandika mimi. Kisha nikapata msiba Bukima kwa upande wa mama, nikamwachia mwenzangu aimalizie na kuipandisha kwenye seva. Akaniandikia iko hewani. Nikashukuru, nikaendelea kuosha masufuria ya msibani.

Sasa nimeshafungua ofisi, nimewasha kompyuta, nimefungua tovuti ya shangazi. Ukurasa ni mzuri. Vyumba vimetandikwa, geti la kijani linang'aa, maneno yangu yako pale pale. Nikawa najiuliza shangazi ameota nini. Ndipo nikainua macho juu kabisa, kwenye kichupo, pale ambapo kila ukurasa uliofunguliwa unaonyesha kichwa chake na kijipicha kidogo kando yake. Kando ya jina la nyumba ya shangazi kulikuwa na glasi ya bia. Imejaa, ina povu.

Niliifahamu ile glasi. Ni ya baa moja iliyoko ufukweni hapa Musoma, wateja wetu. Niliichora mwenyewe.

Nikafungua msimbo wa ukurasa, ile sehemu ya juu tunayoiita head, ambayo msomaji haioni popote kwenye ukurasa. Mwenzangu alikuwa amenakili folda zima la baa, akabadilisha mwili wote, akaacha head ilivyo. Humo alibadilisha jina la ukurasa tu. Mstari wa rel="icon", unaoiambia brauza iweke kijipicha gani kwenye kichupo, ulikuwa unaita favicon.ico, faili la kijipicha cha baa. Mstari wa apple-touch-icon, ule wa mtu wa aifoni anayeweka tovuti kwenye skrini ya simu yake, ulikuwa na glasi ile ile ila kubwa. Na theme-color, mstari unaoiambia simu ule ukanda wa juu wenye anwani upakwe rangi gani, ulikuwa bado na ile rangi ya dhahabu iliyoiva niliyoichagua makusudi kwa ajili ya bia. Kwa hiyo mama wa kanisa aliyefungua kiungo cha shangazi kwenye simu yake ya Android aliona ukurasa wa vitanda na Biblia juu ya meza, na juu yake ukanda wa rangi ya bia. Wale ambao simu zao ziko kwenye hali ya giza hawakuiona rangi hiyo. Wengi simu zao haziko kwenye hali ya giza.

Nilipiga kwa jirani yake shangazi kupata habari kamili, maana shangazi mwenyewe hakupokea. Kamati ilikuwa imekaa jana yake Bunda. Katibu aliunganisha kompyuta yake na projekta, akafungua tovuti zote za nyumba za Butiama, kila moja kwenye kichupo chake, na kwa kuwa ni mwalimu, alikuwa tayari na vichupo vyake vingine lukuki vya mitihani na matokeo. Vichupo vikizidi vinabanana. Maneno yanakatwa, vinabaki vile vijipicha tu vimejipanga. Sasa fikiria ukuta mzima wa ukumbi wa kanisa, na juu yake safu ya alama ndogo ndogo, na katikati glasi ya bia ina povu. Mmoja wao alipiga picha ule ukuta, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la akina mama. Shangazi yumo kwenye kundi hilo. Aliipata kama walivyoipata wengine.

Mwenzangu aliingia saa nne akinywa soda. Nilimgeuzia skrini.

"Hii nini?"

Akaangalia. Akacheka kidogo. Naapa alicheka. "Aisee. Nilisahauga kubadilisha."

"Ulisahau?"

"Si kusahau sana. Head mimi huwa naiachaga. Nani anaangaliaga huko? Mteja anaangaliaga picha na namba ya simu. Yale ni mambo ya mashine."

"Mashine ndiyo imepiga picha ikatuma kwenye kundi la kanisa?"

"Sasa unagomba na mimi kwa kakitu ka pikseli kumi na sita?"

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu mama yangu bado anasoma ninachoandika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema ukweli wa ofisi yetu. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya kazi. Kila tovuti ilizaliwa kwa kunakili iliyotangulia, na kila mmoja wetu alihangaika na kile mteja atakachokiona akiketi kwenye kiti chetu, ukurasa umejaza skrini, kichupo kimoja tu kimefunguliwa. Hakuna mteja aliyewahi kuketi pale na vichupo ishirini. Ila mtu wa kawaida anaishi na vichupo ishirini, na kijipicha kile ndicho anachokitumia kurudi nyumbani kwako.

Nikamwambia apige simu Butiama aombe radhi. Alituma ujumbe wa maandishi. Uliandikwa "Pole mama" na kichwa cha manjano kinachotoa chozi.

Sikumwachia aguse kitu. Nilikaa mwenyewe. Kwanza alama. Shangazi siku za mwanzo alikuwa ameniomba, tukifika kwenye alama, nimwekee picha ya nyumba nzima, na yale maua ya ukutani, na kibao chake. Nilijaribu kumtimizia. Nilipoipunguza mpaka ikaenea kwenye kichupo, ilikuwa kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Pale hapaingii nyumba, wala neno, wala uso wa mtu. Panaingia umbo moja na rangi mbili. Nikachora mlango mweupe juu ya kijani cha geti lake, na kitasa cha nukta moja. Nikaupunguza, bado ulikuwa mlango. Nikautoa kwa faili za aina tatu: kama SVG kwa brauza mpya, kama favicon.ico kwa zile zinazoomba faili hilo kwenye mzizi wa tovuti hata usipoziambia, na kama PNG kubwa isiyo na uwazi nyuma kwa ajili ya aifoni. Theme-color nikaweka kijani kile kile. Nikahakikisha anwani zote za faili hizo zinaanza na mkwaju, ile alama ya /, ili ukurasa wa ndani wa vyumba usitafute mlango kwenye folda ambamo haumo. Nikapandisha. Nikafungua kwenye dirisha la faragha na kwenye simu tatu. Mlango, mlango, mlango, na ukanda wa juu wa kijani.

Nikampigia katibu kule Bunda. Alikuwa mama mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua.

"Mwanangu, bado glasi ipo."

"Fungua upya, mama."

"Nimefungua. Bado ipo. Imejaa."

Hapo ndipo hasira yangu ilipata pa kuhamia. Brauza huhifadhi vijipicha hivi kwenye ghala lake lenyewe, mbali na kurasa, na haina haraka ya kwenda kuuliza kama vimebadilika. Faili langu jipya lilikuwa na jina lile lile la zamani, basi kompyuta ya katibu ikaona haina sababu ya kulifuata. Kwake nilikuwa mtu niliyeapa kwamba nimeiondoa pombe huku yeye anaiona mezani. Nilibadilisha jina la faili, nikabadilisha mstari wa rel="icon" uelekee jina hilo jipya, ili brauza ilazimike kwenda kuchukua kitu ambacho haijawahi kukiona. Lakini sikumpigia tena. Nilimpigia shangazi, safari hii akapokea, nikamwambia ajiandae, tunakwenda Bunda wote wawili.

"Nikafanye nini mbele za watu?"

"Ukaonekane."

Tulikutana Kiabakari, njiani kwenda Bunda, kesho yake. Alikuwa amevaa sare ya umoja wa akina mama, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Njiani nilikuwa nasema peke yangu ndani ya kichwa, na yote yalikuwa matusi.

Ukumbini kulikuwa na mwenyekiti, katibu, na akina mama wengine kama kumi. Tulikaribishwa kwa wimbo na sala, na chai. Mkoa wetu huwezi kugombana na mtu kabla hujanywa chai yake. Kisha katibu akawasha projekta, akafungua tovuti ya shangazi mbele ya wote, na kwenye kichupo ukatokea mlango mweupe. Mama mmoja akasema afadhali. Nilisimama nikaeleza: kwamba mtengenezaji alinakili kutoka tovuti ya biashara nyingine, kwamba alama ilikuwa ya biashara hiyo, kwamba nyumba hii na baa ile hazijuani.

Mwenyekiti aliniangalia kwa huruma, ile huruma anayopewa mtoto anayemtetea mzazi.

"Kwa hiyo hii tovuti mwanzoni ilikuwa ya baa."

"Hapana mama. Msimbo wa sehemu ya juu ndio ulitoka huko."

"Ulitoka baa."

"Ndiyo, lakini..."

"Tunakuelewa mwanangu. Hatumhukumu mtu."

Waliposema hawahukumu ndipo nilipojua kwamba wameshahukumu. Nikamwomba katibu afungue zile tovuti nyingine tena, zote, zibanane kama siku ile. Akafungua. Nyumba moja ilikuwa na alama ya kampuni iliyouza kiolezo cha tovuti. Nyingine, ile waliyokuja kuichukua baadaye, ilikuwa na dunia ya kijivu, ile ambayo brauza yenyewe inaweka pale ambapo mwenye tovuti hajaweka kitu. Nikasema, mama zangu, hizi nazo hazijamalizika, hawa nao hawakuangalia kichwa cha ukurasa wao, kosa ni lile lile. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Dunia ya kijivu haikumkera yeyote. Na hata mlango wangu mweupe, niliouchora kwa hasira na kwa ufundi wangu wote, haukuwa na nguvu yoyote pale, kwa sababu ile picha ya ukuta ilikuwa imeshakaa kwenye simu zao. Faili la kwenye seva ninaweza kulibadilisha jina. Picha iliyomo kwenye kundi la akina mama haina jina la kubadilisha.

Mwenyekiti akamgeukia shangazi.

"Mama, sisi tunakupenda. Nyumba yako ni safi, wote tunajua. Tunaomba jambo dogo tu ili tuwanyamazishe wenye maneno. Uandike pale juu kabisa, ukurasa wa kwanza: Nyumba hii haiuzi pombe. Huyu binti yako yupo, anaweza kuandika hata sasa hivi. Tukishaona, tunapiga kura, tunamaliza."

Nitasema kweli: nilifurahi. Nilikuwa nimeshaifungua kompyuta mapajani. Sentensi ya maneno manne, naiweka juu, nahifadhi, napandisha, semina ni yetu. Vidole vilikuwa vimeshaanza.

"Acha," shangazi akaniambia.

Nikaacha.

"Na zile nyumba nyingine," akamuuliza mwenyekiti, "nazo zitaandika hivyo?"

"Zile hatukuona glasi, mama."

"Hata kwangu haipo. Mmeiona haipo."

"Lakini tulishaiona."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona haiwezi. Akasema basi sawa, akasema anashukuru kwa chai, akasema akina mama wakifika Butiama wakakosa maji au wakazidiwa na maradhi, wajue kwake ni wapi. Akasimama. Mwenyekiti akasema mama usikasirike. Shangazi akasema hajakasirika. Mimi ndiye niliyekuwa nimekasirika, kwao, kwa mwenzangu na soda yake, na muda ule hata kwa shangazi mwenyewe, ambaye alikuwa ameliacha mezani jambo alilolitaka kuliko yote kwa ajili ya sentensi moja iliyo kweli tupu.

Njia nzima nilimlaumu. Nilimwambia ungekubali tu. Nilimwambia ni kweli huuzi, sasa kuandika ukweli kuna aibu gani. Nilimwambia nimekesha na ule mlango. Alikuwa anaangalia nje, kwenye mashamba ya pamba, mkoba mapajani, sare yake bado haijakunjika.

Tulishuka Kiabakari, ambako yeye anachukua pikipiki ya kwenda kwake na mimi naendelea Musoma. Akakubaliana na dereva, akapanga kitenge chake vizuri juu ya kiti, kisha akanigeukia.

"Yale maneno waliyotaka, ungeyaandika kwa muda gani?"

"Dakika mbili, shangazi. Hata hazifiki."

"Ningekubali leo, mwakani wangeniambia niandike kwamba sitembei na wageni wangu," alisema. "Nayo ingekuchukua dakika mbili."

Akapanda pikipiki. Mimi nilibaki pale kando ya barabara na kompyuta yangu, na magari mawili ya Musoma yalinipita sijayanyooshea mkono.